Tao na sekta: kabla ya kanuni, uliza ni sehemu gani ya duara

Wiki iliyopita, kwenye kundi la wazazi wa watoto ninaowafundisha tuisheni hapa Mbagala, swali moja la hisabati lilizua ubishi kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa tano. Mzazi mmoja alipiga picha karatasi ya mazoezi ya mwanawe wa kidato cha tatu, akauliza jibu ni lipi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, lakini swali lenyewe kwa Kiswahili ni hili: sekta ya duara ina nusu kipenyo cha sentimita 14 na pembe ya nyuzi 90. Tafuta mzingo wake. Tumia π = 22/7.

Baba mmoja akajibu 22. Mama mmoja akasema 50. Kijana mmoja, kaka wa mwanafunzi, akaleta 11 na kutuma picha ya hesabu yake yote, mstari kwa mstari. Kila mmoja alikuwa na kanuni mkononi, na kila mmoja alizidisha na kugawanya vizuri. Mama wa 50 ndiye aliyepata. Baba wa 22 alitafuta kitu cha kweli ambacho hakikuulizwa, na kijana wa 11 alikata nusu kitu ambacho tayari kilikuwa nusu. Wazazi kadhaa wakaniomba nieleze taratibu, kwa sababu watoto wanarudi na karatasi za namna hii kila siku na nyumbani hakuna anayekumbuka kanuni ipi ina 180 na ipi ina 360. Naeleza kama ninavyowaeleza watoto, na kanuni nitaziacha hadi zitakapokuja zenyewe.

Tuanze na majina. Chukua bikari, simamisha sindano kwenye karatasi, zungusha penseli hadi irudi ilipoanzia. Pale sindano iliposimama ni kitovu. Umbali kutoka kwenye sindano hadi kwenye penseli ni nusu kipenyo. Ukivuka duara lote kwa kupitia kitovu, umepita kipenyo, ambacho ni nusu kipenyo mara mbili. Mstari ambao penseli imeuchora, wote, ni mzingo wa duara. Na nafasi iliyofungwa ndani ya mstari huo ni eneo.

Sasa chora mistari miwili kutoka kwenye kitovu hadi ukingoni, kama mtu anayekata kipande cha chapati. Kile kipande ndicho sekta. Neno hili linawachanganya watu kwa sababu tumezoea sekta ya afya na sekta binafsi, lakini hapa ni kipande tu, chenye ncha kwenye kitovu. Ukingo wa nje wa kipande hicho, ule uliopinda peke yake, ndio tao. Pembe iliyopo kwenye ncha, pale kitovuni, ndiyo inayoonyesha umekata kipande kikubwa au kidogo.

Tao ni urefu, kwa hiyo unaweza kulipima kwa kulaza uzi juu yake kisha kuunyoosha uzi kwenye rula. Jibu lake ni sentimita. Sekta ina eneo, unaifunika kwa kitambaa, na jibu lake ni sentimita za mraba. Mtoto anayejua kwamba moja ni uzi na jingine ni kitambaa hawezi kuandika eneo kwa sentimita tupu, na akiona amefanya hivyo atajua kuna mahali alipotea.

Baada ya majina, kuna swali moja tu la kuuliza kila unapoona pembe: hii ni sehemu gani ya mzunguko mzima?

Mtu yeyote anayepanda bajaji Dar es Salaam analijua jibu hata kama hajawahi kuandika nyuzi. Chukua kipilefti chenye barabara nne zinazokutana kama msalaba. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo tunakizunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Dereva akitoka barabara ya kwanza, kushoto, amezunguka robo. Akienda moja kwa moja, amezunguka nusu. Akikata kulia, amezunguka robo tatu. Akigeuza na kurudi alikotoka, amemaliza mzunguko mzima. Hakuna aliyetaja nyuzi 90, wala 180, wala 270, lakini robo, nusu na robo tatu ndizo hizo hizo.

Mzunguko mzima umegawanywa nyuzi 360 kwa mapatano ya watu wa kale tu, na yangefaa pia mapatano mengine. Saa ya ukutani ina mapatano yake: mzunguko mzima wa mshale wa dakika umegawanywa dakika 60. Mshale ukitembea dakika 20, umepita 20/60 ya duara, yaani theluthi. Ukipima kwa nyuzi utapata 120 kati ya 360, na hiyo pia ni theluthi. Kipimo kimebadilika, sehemu haikubadilika. Na sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna mfano wa ziada: ikiwa saa tatu asubuhi, mshale wa saa uko kwenye 9. Tofauti ya namba tunayoitamka na namba iliyoguswa na mshale ni nusu mzunguko kamili, wakati wote, mchana na usiku.

Kwa hiyo nyuzi zikitajwa, zigeuze kuwa sehemu kwanza: weka pembe juu, 360 chini, kisha rahisisha. Nyuzi 60 ni moja ya sita. Nyuzi 45 ni moja ya nane. Nyuzi 72, ambazo huwatisha watoto kwa sababu hazifanani na chochote, ni moja ya tano tu. Hata 100 haina shida: 100/360 ni 5/18, sehemu isiyopendeza lakini ni sehemu vilevile.

Ukishaipata sehemu, kazi imekwisha zaidi ya nusu, maana tao ni sehemu hiyo ya mzingo, na sekta ni sehemu hiyo hiyo ya eneo. Ukikata robo ya chapati umepata robo ya ukingo wake na robo ya unga wake kwa kisu kimoja. Hakuna njia ya kupata robo ya ukingo na theluthi ya unga, ilimradi umekata kutoka kitovuni.

Turudi kwenye swali la kundi letu. Nusu kipenyo ni 14. Mzingo wa duara zima ni 2 × 22/7 × 14, yaani sentimita 88. Pembe ni nyuzi 90, hiyo ni robo. Robo ya 88 ni 22. Baba alifika hapa akasimama, na 22 ni jibu sahihi la urefu wa tao. Lakini swali liliomba mzingo wa sekta. Mzingo ni njia yote ya pembezoni mpaka urudi ulipoanzia, na mdudu anayetembea pembezoni mwa kipande cha chapati hapiti kwenye tao peke yake. Anatoka kwenye ncha, anapanda ubavu mmoja sentimita 14, anapita kwenye tao sentimita 22, anarudi kwa ubavu wa pili sentimita 14. Jumla ni 50.

Nadhani lugha yetu ina mkono wake hapa. Kwa duara tunasema mzingo, na kwa sekta tunasema mzingo, na kwa kiwanja pia tunasema mzingo. Mtu akisikia mzingo karibu na neno duara, akili inakimbilia kwenye kile kilichopinda. Kila mara chora umbo, weka kidole kwenye ncha, kisha kizungushe pembezoni hadi kirudi. Kila upande ambao kidole kimepita uandikiwe urefu wake.

Kijana wa 11 alikuwa na tatizo jingine. Aliichukua 14 kama kipenyo, akaigawa kwa mbili kupata 7, kisha akatafuta robo ya mzingo wa duara dogo. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa kwa duara ambalo halikuulizwa. Karatasi hizi hupenda kubadilisha: swali la kwanza linatoa nusu kipenyo, la pili linatoa kipenyo, bila kuonya. Njia ya kugundua ni kulinganisha na pembe unayoifahamu. Sekta ya nyuzi 60 ina tao linalozidi nusu kipenyo kidogo sana, kwa sababu ukiunganisha ncha mbili za tao hilo kwa mstari ulionyooka, unapata pembetatu yenye pande tatu sawa, na tao linapinda kidogo tu juu ya mstari huo. Kwa hiyo tao la nyuzi 90 lazima liizidi 14 kwa mbali. Jibu la 11, ambalo ni fupi kuliko ubavu, haliwezekani.

Na eneo la sekta hiyo? Duara zima ni 22/7 × 14 × 14, yaani 616. Robo yake ni 154. Kipande kilichobaki kwenye sahani, cha nyuzi 270, ni robo tatu: 462. Swali likitaka sekta kubwa, usiogope pembe inayozidi 180. Toa pembe ndogo kwenye 360 na uendelee kama kawaida.

Sasa kanuni. Vitabuni tao limeandikwa hivi, na eneo la sekta limeandikwa chini yake, r ikiwa nusu kipenyo na θ ikiwa pembe kwa nyuzi:

```
tao   = πrθ / 180
sekta = πr²θ / 360
```

Watoto wengi wanaamini hivi ni vitu viwili vya kukariri, na siku ya mtihani hawakumbuki 180 ni ya nani. Sababu ya 180 ni ndogo sana. Mzingo wa duara ni 2πr. Ukizidisha na θ/360, ile 2 ya juu inakatana na 360 ya chini, inabaki 180. Ndiyo hivyo tu. Eneo la duara ni πr², halina 2 mbele yake, kwa hiyo 360 inabaki kama ilivyo. Kitabu kimefupisha ili kuokoa wino, na katika kufupisha kimeficha ile sehemu ya mzunguko ambayo ndiyo maana ya kanuni yote. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waandike kanuni kwa urefu, θ/360 × 2πr na θ/360 × πr², ili sehemu ionekane kwa macho mbele ya mzingo na mbele ya eneo.

Ipo njia ya kukagua majibu mawili kwa pamoja, nayo haifundishwi vya kutosha. Eneo la sekta ni nusu ya tao mara nusu kipenyo. Kwa sekta yetu: nusu ya 22 ni 11, mara 14 ni 154. Limekubali. Ukitaka kuona kwa nini, kata sekta vipande vyembamba sana kutoka kitovuni, vyembamba kiasi kwamba kila kimoja kinafanana na pembetatu ndefu. Kila pembetatu ina kitako chake kwenye tao na kimo chake ni nusu kipenyo. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Jumlisha vitako vyote, unapata tao lote. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kupata tao na eneo anaweza kujisahihisha mwenyewe kwa mstari mmoja, bila kumtafuta mwalimu. Mfano wa saa: mshale wa dakika wenye urefu wa sentimita 10.5, ukitembea dakika 20, ncha yake inapita theluthi ya 66, yaani 22. Eneo ulilofagia ni theluthi ya 346.5, yaani 115.5. Kagua: 11 mara 10.5 ni 115.5.

Kuna imani moja inayoambatana na pembe, kwamba pembe ikiwa sawa basi vipande ni sawa. Robo ya chapati yenye nusu kipenyo cha sentimita 7 ina tao la sentimita 11 na eneo la 38.5. Robo ya chapati yenye nusu kipenyo cha 14 ina tao la 22 na eneo la 154. Pembe ni ile ile, ukingo umeongezeka mara mbili, lakini eneo limeongezeka mara nne. Vinahitajika vipande vinne vya chapati ndogo kumridhisha aliyezoea kipande kimoja cha chapati kubwa. Sehemu ya mzunguko inakwambia umechukua kiasi gani cha duara, lakini ukubwa wa duara lenyewe uko kwenye nusu kipenyo, na kwenye eneo nusu kipenyo kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe.

Duara kubwa kuliko yote kwenye vitabu vya kidato cha tatu ni dunia yenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta, na Tanga iko karibu nyuzi 5.1 kusini. Miji hii miwili iko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini hadi kusini, kwa hiyo njia kati yake ni tao la duara linalopita kwenye ncha mbili za dunia, na pembe yake ni tofauti ya hizo nyuzi, 1.7. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000. Chukua 1.7/360 ya hiyo, unapata karibu kilomita 189. Basi linalopita Chalinze na Segera linatembea kama kilomita 350, kwa sababu barabara haifuati tao. Kanuni ni ile ile ya chapati.

Hadi hapa tumekuwa tukienda mbele, kutoka kwenye pembe hadi kwenye tao. Sehemu ya pili ya karatasi ile ilikuwa inarudi nyuma, inatoa tao na kuuliza nusu kipenyo, na hapo ndipo kundi lilipokaa kimya kabisa. Aliyeufungua ukimya ni mama mmoja ambaye ni fundi cherehani. Aliniandikia pembeni: "Mwalimu, hili ndilo ninalofanya nikikata sketi ya mwamvuli, ila mimi natumia namba alizonifundisha aliyenifunza kazi, sijui zimetoka wapi."

Zimetoka hapa hapa. Sketi ya mwamvuli hukatwa kwenye duara. Kiuno ni tao la ndani, pindo ni tao la nje, na kitambaa kilichopo katikati ni sekta kubwa iliyotolewa sekta ndogo. Ukikata duara zima, sketi inafunguka sana. Ukikata nusu duara, inafunguka kiasi. Fundi hapimi nusu kipenyo cha mteja. Anapima kiuno, yaani anapewa tao, na lazima atafute nusu kipenyo cha kuchorea.

Tuchukue kiuno cha inchi 33, na sketi ya nusu duara. Sehemu ya mzunguko ni nusu. Nusu ya mzingo ni 22/7 × r, na hiyo lazima iwe 33. Kwa hiyo r ni 33 × 7/22, yaani inchi 10 na nusu. Fundi anakunja kitambaa, anashika tepu kwenye kona, na kuchora tao la inchi 10.5. Kwa duara zima, 44/7 × r ni 33, na r inakuwa 5.25. Kwa robo tatu ya duara, r ni 7 kamili. Kwa robo, r ni 21. Namba ambayo mama yule alirithi kwa mwalimu wake ni kugawa kiuno kwa 6.28 ikiwa duara zima na kwa 3.14 ikiwa nusu, ambazo ni 2π na π.

Hapa watu wengi hushangaa: kiuno ni kile kile, lakini duara likikatwa sehemu ndogo, nusu kipenyo kinakuwa kikubwa. Ukifikiria kidogo inaeleweka. Ikiwa robo tu ya ukingo lazima itimize inchi 33, ukingo wote lazima uwe mrefu, na duara lenye ukingo mrefu ni duara kubwa.

Sasa sketi ina urefu wa inchi 24 na nusu kutoka kiunoni hadi pindoni. Kwa nusu duara, nusu kipenyo cha nje ni 10.5 + 24.5, yaani 35. Pindo ni 22/7 × 35, inchi 110. Namba hii ni ya kazi, kwa sababu ndiyo urefu wa lesi atakayonunua mteja akitaka lesi ya kuzungusha chini.

Eneo la kitambaa ndani ya sketi ni nusu ya duara la nje kutoa nusu ya duara la ndani: 11/7 × (35 × 35 − 10.5 × 10.5). Hiyo ni 11/7 × 1114.75, yaani inchi za mraba 1751.75. Kosa linalojitokeza hapa karibu kila darasa ni kutoa kwanza nusu kipenyo, 35 − 10.5, kupata 24.5, kisha kuizidisha yenyewe kwa yenyewe. Ukifanya hivyo unapata 943.25, karibu nusu ya jibu. Umepima sekta yenye ncha na nusu kipenyo cha 24.5, ambayo haipo popote kwenye sketi. Zidisha kwanza, toa baadaye. Na kukagua, tumia wastani wa matao mawili: kiuno 33 na pindo 110, wastani wake ni 71.5, mara urefu wa 24.5, unapata 1751.75. Ni hesabu ya trapeza iliyopindishwa.

Nilimuuliza mama yule ni wapi namba hizi humwangusha. Alinijibu mambo mawili ambayo karatasi ya mazoezi haina. La kwanza ni mshono wa kiunoni. Ukikata kwenye 10.5 kamili kisha ukashona nusu inchi kutoka ukingoni, mshono wenyewe uko kwenye 11, na kiuno kimeongezeka 22/7 mara nusu inchi, yaani kama inchi moja na nusu. Sketi inapwaya na mteja analalamika, ingawa hesabu ilikuwa sahihi. Kwa duara zima ongezeko ni inchi tatu na zaidi kidogo. Kwa hiyo yeye hukata nusu inchi ndani ya alama, ili mshono ndio ukae kwenye 10.5. La pili ni kwamba kwenye duara, sehemu ya kiuno hukatwa mshazari wa nyuzi za kitambaa, na kitambaa kilichokatwa mshazari hunyooka kikivutwa. Hilo hurekebishwa kwa mkono wa fundi na aina ya kitambaa. Pai haina msaada.

Nikaongeza la tatu kutoka upande wangu, kwa sababu wateja wengi huamini duara zima lazima lile kitambaa kingi zaidi dukani. Kwa kiuno kile na urefu ule, duara zima lina nusu kipenyo cha nje cha 29.75, pindo la inchi 187, na eneo la inchi za mraba 2695. Kweli limebeba kitambaa kingi kuliko nusu duara. Lakini kitambaa huuzwa kwa mstatili. Nusu duara linahitaji mstatili wa 70 kwa 35, kwa hiyo yadi mbili, ambazo ni inchi 72, zinatosha, na kwenye kitambaa cha upana wa 60 kipande kirefu kinabaki pembeni. Duara zima linahitaji mraba wa 59.5 kwa 59.5, na kwenye upana huo huo linaingia kwa kubana, likitumia urefu wa inchi 60 tu. Kwenye kitambaa cha upana wa 45, nusu duara bado linaingia, na duara zima haliingii bila kuunga. Eneo la sekta linakwambia kitambaa kilichovaliwa, halikwambii kitambaa cha kununua.

Usiku ule ule tulimaliza swali la mwisho la karatasi, lililokuwa limewashinda wote: tao lina sentimita 11, nusu kipenyo ni 21, tafuta pembe. Safari hii hakuna aliyetafuta kanuni. Mama fundi aliandika kundini kwamba mzingo mzima ni 132, na 11 ni moja ya kumi na mbili ya 132. Baba wa 22 akajibu kwamba moja ya kumi na mbili ya 360 ni 30. Na kijana wa 11 akatuma picha ya saa, mishale ikiwa kwenye 12 na 1, akaandika chini yake: "Saa saba."